Seva Zikizimika: Andika Saa, Usitafute Mchawi

Tarehe 28 Februari 2017, saa 2:37 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, mhandisi mmoja wa Amazon alikuwa kwenye kazi ya kawaida. Mfumo wa ankara wa S3, hifadhi ya faili ya kampuni hiyo, ulikuwa ukienda polepole, naye akitafuta sababu. Akafuata mwongozo uliokuwapo, akaandika amri ya kutoa kazini seva chache. Sehemu moja ya amri ikaandikwa vibaya, zikaondoka seva nyingi kuliko alivyokusudia. Hifadhi ya kanda ya us-east-1, iliyoko kaskazini mwa Virginia, ikasimama, na tovuti na programu chungu nzima zilizoiegemea zikaanguka nayo. Mambo yalirudi sawasawa saa 6:54 usiku.

Hapo mtu anaweza kufunga faili: fulani kakosea kuandika, apewe barua. Taarifa ambayo Amazon iliitoa baadaye haikwenda huko. Haikumtaja mtu jina. Ilisema tu kwamba alikuwa na idhini na alikuwa akifuata mwongozo. Maneno hayo machache yanalihamisha swali. Ikiwa mwenye idhini, tena anayefuata mwongozo, anaweza kuangusha kanda nzima kwa amri moja, basi ukimfukuza leo, atakayekalia kiti chake kesho ataikuta amri ileile ikimngoja.

Ripoti ya namna hii huitwa ripoti isiyo ya lawama. Mhandisi John Allspaw, aliyeieleza kwa kirefu mwaka 2012 alipokuwa kampuni ya Etsy, alikuwa na hoja ya kikazi kabisa: anayetarajia adhabu hasimulii kwa undani alichokiona na alichodhani, na bila undani huo hakuna atakayejua hitilafu ilivyotokea. Hiyo haimaanishi kwamba lolote linasamehewa. Aliyeharibu kwa makusudi, au aliyefuta kumbukumbu ili asijulikane, shauri lake ni la mahali pengine.

Kazi huanza na mfuatano wa matukio, na huo uandikwe kabla ya mtu yeyote kutaja sababu. Kusanya kumbukumbu za mifumo, ving'ora vilivyolia na ujumbe wa kundi la WhatsApp la zamu, kisha panga kila tukio kwa dakika yake. Kwetu hapa kuna mtego ambao vitabu vya wenzetu havina. Seva huandika 07:10 kwa saa za UTC, simu ya mkononi inaonyesha 10:10, na mwenzako kaandika kundini "saa nne na dakika kumi nimeanza kurejesha". Zote tatu ni dakika ileile. Niliwahi kukaa kwenye kikao ambacho watu wawili walibishana nusu saa kama nakala rudufu ilianza kabla ya hifadhidata kufa au baada yake, kumbe mmoja alikuwa akisoma UTC na mwingine akihesabu saa kwa Kiswahili. Tangu siku hiyo mimi huandika UTC peke yake ndani ya ripoti, na saa za hapa huziweka kwenye muhtasari wa wateja tu.

Kwa UTC, usiku ule wa S3 ulikwenda hivi. Saa 17:37 amri inatolewa. Saa 19:37 ukurasa wa Amazon wa kuonyesha hali ya huduma unaanza kupokea taarifa za kila huduma. Kabla ya hapo hali ya huduma mojamoja haikuweza kubadilishwa. Saa 20:26 wateja wanaanza tena kusoma na kufuta faili. Saa 21:18 mfumo wa faharasa, unaojua kila faili iko wapi, umerudi kamili. Saa 21:54 unarudi mfumo wa kupanga nafasi, ambao bila huo faili mpya haiwezi kuhifadhiwa.

Tazama pengo lililopo. Taarifa ya hadharani ya Amazon haisemi king'ora cha kwanza kililia dakika gani, wala nani alikigundua kisa na akadhani ni nini. Ripoti yako ya ndani isikose hayo, maana muda kati ya kuharibika na kugundua, na muda uliopotea kwenye dhana isiyo sahihi, ndipo mafunzo mengi yanapojificha. Katika kila mstari andika pia mhusika alijua nini dakika ile. Baada ya tukio kila mmoja anaona njia nyeupe. Wakati wa tukio kulikuwa na skrini tano na giza. Kwa hiyo mwenyekiti wa kikao asiulize "kwa nini hukuhakiki?" Aulize "skrini ilikuonyesha nini ulipobonyeza?" Swali la kwanza huzaa utetezi, la pili huzaa maelezo.

Ndipo zinakuja sababu, kwa wingi. Kutafuta chanzo kimoja ni kutafuta mchawi kwa lugha ya kiofisi. Kwa kila jambo unaloshuku jiuliza: lisingekuwapo, hitilafu isingetokea? Ingekuwa ndogo zaidi? Au ingekwisha mapema? Kosa la kuandika linajibu swali la kwanza, lakini makosa ya kuandika hutokea kila siku bila kuangusha kitu. Lililolikuza ni chombo chenyewe, ambacho kilikubali kutoa seva nyingi mno, kwa haraka mno, bila kuuliza. Lililorefusha usiku ni jingine kabisa: mifumo ile miwili, wa faharasa na wa kupanga nafasi, ilikuwa haijazimwa na kuwashwa upya kikamilifu katika kanda kubwa kwa miaka mingi, huku S3 ikikua. Kuiwasha na kuhakiki usalama wa data kukachukua muda mrefu kuliko walivyotarajia. Na lililowaacha wateja gizani kwa saa mbili linachekesha kidogo: zana ya kusimamia ukurasa wa hali ya huduma nayo ilitegemea S3. Ikabidi watoe habari kupitia Twitter na maandishi ya tangazo juu ya ukurasa huo.

Kama ukurasa wako wa kutangaza hitilafu umekaa kwenye seva zilezile zinazohudumia wateja, una tatizo hilohilo leo, na hulihitaji tukio ili kuliona.

Hatua zinazofuata zitoke kwenye sababu hizo moja kwa moja. Amazon ilibadili chombo kitoe seva polepole, na kikatae kuondoa seva iwapo mfumo wowote utashuka chini ya kiwango chake cha chini. Ikakagua zana nyingine kuona kama zina kinga kama hiyo. Kazi ya kuugawa mfumo wa faharasa katika vijisehemu vinavyoweza kurejeshwa kimoja kimoja, ambayo ilikuwa imepangwa baadaye mwaka ule, ikaanzishwa mara moja. Zana ya ukurasa wa hali ya huduma ikasambazwa kwenye kanda kadhaa.

Katika orodha hiyo hakuna "wafanyakazi wawe makini zaidi". Sentensi hiyo ndiyo ninayoikuta kwenye ripoti nyingi, na mimi huifuta, kwa sababu hakuna awezaye kuikagua. Hatua ya kweli ina mtu mmoja anayeimiliki, tarehe, na jaribio la kuithibitisha. Tatu au nne zinatosha; ukiandika ishirini, baada ya miezi mitatu utakuta kumi na tano hazijaguswa. Na siku ya tarehe ikifika, usimwulize mwenye hatua kama amemaliza. Kaa naye kwenye mazingira ya majaribio, andikeni amri ileile yenye kosa lilelile, muone kama chombo kinaikataa.