Kwa Nini Anga la Dimani Linakatika Mikanda

Wenzetu wanaokwenda fildi Kibiti huwa wanarudi na video za aina mbili. Ya kwanza ni jua linazama Dimani: anga tupu, rangi ya chungwa ikififia taratibu mpaka kuwa buluu iliyokolea. Ya pili ni usiku ndani ya delta ya Rufiji: mtumbwi, taa moja, na nyuma yake mikoko ambayo ni giza tu. Kwenye simu zote zinapendeza. Sasa ziweke kwenye projekta siku ya kuwasilisha kazi. Anga limegawanyika mikanda mikanda kama kitunguu kilichokatwa, na lile giza nyuma ya mvuvi linachezacheza kama madoa ya mafuta juu ya maji. Mvuvi anaeleza jinsi anavyoishi, lakini ukumbi mzima unaangalia madoa.

Wengi hukimbilia kusema simu ni mbovu, ilitakiwa irekodi 4K. Hapana. Ukirekodi 4K unapata pikseli nyingi zaidi, lakini mikanda inabaki ileile, ila kila mmoja una pikseli nyingi zaidi ndani yake. Shida iko kwenye idadi ya ngazi za mwanga ambazo faili linaweza kuandika.

Video ya kawaida ni ya biti 8. Maana yake kila pikseli inapewa namba nzima kati ya 0 na 255, na video nyingi hutumia 16 hadi 235 tu, yaani 16 ni nyeusi na 235 ni nyeupe. Hakuna 140 na robo. Ni 140 au 141.

Tufanye hesabu ya anga letu. Picha ina urefu wa mistari 1080 ya pikseli kutoka juu hadi chini, na anga limechukua 720. Tuseme mwangaza wa anga unapanda kutoka 132 juu kabisa hadi 150 karibu na miti. Hizo ni hatua 18. Gawa 720 kwa 18, unapata 40. Kwa hiyo mistari 40 mizima inapewa namba moja, halafu ghafla inaruka kwenda namba inayofuata. Huo ndio mkanda. Ungekuwa umerekodi kwa biti 10, ngazi zote zinakuwa 1024, kila hatua ya zamani inagawanyika mara nne, na kila mkanda unabaki na mistari 10 yenye tofauti ndogo mara nne. Hapo jicho linakata tamaa.

Na jicho lenyewe lina lawama yake. Mwaka 1865 Ernst Mach alieleza kwamba pale mwanga unapobadilika ghafla, jicho hukuza ule mpaka: upande mweupe unaonekana mweupe zaidi, mweusi mweusi zaidi. Ndiyo maana tofauti ya namba moja tu, ambayo ukionyeshwa peke yake huioni, inasomeka vizuri kabisa ikiwa ni mstari mrefu uliokatiza anga. Mawingu yanaokoa kwa sababu yanavunja ule mstari. Anga tupu halina pa kujificha.

Sasa dawa ya pili, ambayo mtu akiisikia mara ya kwanza anadhani anataniwa: tia chenga. Ndiyo, chenga zilezile za televisheni yenye antena mbovu, ila kidogo sana na kwa wakati wake. Lawrence Roberts, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa wajenzi wa mtandao wa ARPANET, alichapisha wazo hili kwa upande wa picha mwaka 1962. Alitaka kutuma picha kwa biti chache bila kuonyesha mikanda.

Inafanya kazi hivi. Thamani halisi ya kipande cha anga ni 140.25. Ukikadiria moja kwa moja, pikseli zote zinakuwa 140, na ile robo imekufa. Lakini kabla ya kukadiria, ongeza kwa kila pikseli namba ya bahati nasibu kati ya -0.5 na 0.5. Sasa pikseli moja kati ya nne, kwa wastani, inavuka 140.5 na kuwa 141, tatu zinabaki 140. Ukirudi nyuma hatua mbili, jicho linachanganya zote na kuona 140.25. Robo imerudi, na ule mpaka mkali umegeuka mchanga.

Neno la kushika hapo ni *kabla*. Ukishakadiria, robo imepotea, na chenga utakazotia baadaye zinafunika tu. Vilevile kulibadilisha faili la biti 8 liwe la biti 10 hakurudishi kitu: 140 inakuwa 560, 141 inakuwa 564, na katikati hakuna mtu. Kinachosaidia ni kukokotoa upya zile thamani za katikati, halafu kuzihifadhi mahali penye nafasi:

```
ffmpeg -i anga.mp4 -vf "format=yuv420p10le,deband=range=40" \
  -c:v libx265 -crf 18 -c:a copy anga10.mkv
```

Hapa `deband` inalinganisha kila pikseli na jirani zake. Tofauti ikiwa ndogo, inachukua wastani. Ikiwa kubwa, inaacha. Ile 40 ni upana wa mkanda tuliopiga hesabu. Angalia matokeo kwa makini, kwa sababu kichujio hiki hakijui ukungu ni nini. Moshi mwembamba au viwimbi hafifu vya maji vinaweza kusuguliwa vikaisha.

Video ya usiku ni ngumu zaidi. Kila kitu nyuma ya mvuvi kiko labda kati ya 16 na 40, yaani hatua 24 za kugawana mikoko yote, maji na mbingu. Kisha mhariri anavuta giza juu ili sura ionekane. Zile 24 zinatawanywa kwenye nafasi 48, na kila hatua sasa ni ya namba mbili. Juu ya hapo, kodeki inapobana faili huanza kutupa tofauti ndogondogo, na chenga ni tofauti ndogondogo. Ndiyo maana waandishi wa ffmpeg wenyewe wanaonya kwamba `gradfun`, kichujio kingine kinachotia chenga, ni cha wakati wa kutazama, si cha kutumia kabla ya kubana.

Utajuaje mikanda imetoka kwenye ngazi au kwenye kubana? Simamisha picha, ikuze, pima rangi pande mbili za mpaka. Tofauti ya namba moja na mpaka laini unaofuata umbo la mwanga, hizo ni ngazi. Tofauti ya tatu au nne na mipaka ya mraba mraba, hiyo ni kodeki. Ongeza ukubwa wa faili. Na ukipima ukakuta namba ziko sawa lakini bado unaona mikanda, jaribu skrini nyingine. Laptopu nyingi za bei nafuu zina paneli ya biti 6 inayoigiza biti 8 kwa kupepesa ngazi mbili harakaharaka, ambayo ni chenga vilevile, ila za wakati.

Kwa anayeondoka wiki ijayo: kama simu yako ina biti 10, iwashe. Kama haina, usirekodi kwa ile rangi iliyopauka ya `Log`, maana inalibana anga lile lile ndani ya ngazi chache zaidi. Usiku sogeza taa karibu na mvuvi badala ya kutegemea kuvuta giza baadaye. Na kazi ikiisha, ipeleke ukumbini kwa flashi, si kwa WhatsApp, kwa sababu ikipita huko inabanwa upya na chenga zako zote zinafagiliwa njiani.