Kuagiza Chakula kwa Kireno Bila Kumkwaza Mhudumu

Asha na Juma wameingia kwenye mgahawa mdogo wa Lisboni, saa saba mchana. Wao ni marafiki wa siku nyingi, na leo wameamua kuzungumza Kireno tu.

Mhudumu: *Boa tarde. Já escolheram?* (Habari za mchana. Mmeshachagua?)
Juma, kwa Asha: *O que é que vais comer?* (Utakula nini?)
Asha, kwa Juma: *O bacalhau. E tu?* (Samaki wa chewa. Na wewe?)
Asha, kwa mhudumu: *Queria meia dose de bacalhau à Brás, se faz favor.* (Naomba nusu sahani ya bacalhau à Brás, tafadhali.)
Mhudumu: *E para o senhor?* (Na bwana?)
Juma: *Para mim, o frango assado. Podia trazer uma garrafa de água?* (Mimi kuku wa kuchoma. Unaweza kutuletea chupa ya maji?)
Mhudumu: *Fresca ou natural?* (Ya baridi au ya kawaida?)
Juma: *Natural, se faz favor.*

1. Sema *queria*, acha *quero*. *Quero* ni "nataka". Si tusi, lakini mezani inasikika kavu, kama vile mtu anavyoweza kuingia hotelini kwetu na kusema "nataka chai" badala ya "naomba chai". *Queria* (tamka ke-RI-a) ni kitenzi hichohicho katika wakati uliopita usiotimilika, na kule kurudi nyuma kwa wakati ndiko kunakoleta upole. Kuna wahudumu wa Ureno wanaopenda kutania: *Queria? E já não quer?* Yaani, ulitaka, sasa hutaki tena? Usishtuke. Tabasamu, ujibu *Ainda quero*, bado nataka. Ukivuka kwenda Maputo utasikia pia *estou a pedir*, "ninaomba". Msemaji wa Kiswahili ataielewa papo hapo.

2. Meza moja, adabu mbili. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza. Asha na Juma wanaitana *tu*, na kitenzi kinafuata: *vais*, unakwenda. Wakimgeukia mhudumu, *tu* inabaki kwa rafiki, na kitenzi kinahamia nafsi ya tatu, kana kwamba unamzungumzia mtu mwingine: *podia*, *pode*, *tem*. Kiswahili hakina mgawanyiko huu ndani ya kitenzi. Sisi heshima tunaiweka kwenye shikamoo, mzee, mama, dada. Kwa hiyo zoezi linalofaa ni kusema sentensi moja mara mbili: *Podes trazer o sal?* kwa rafiki, *Podia trazer o sal?* kwa mhudumu.

Na *você* je? Waliojifunza kwa vitabu vya Brazili huitumia kila mahali, na huko ni sawa kabisa. Ureno, ukimwambia *você* mtu usiyemjua, hasa aliyekuzidi umri, anaweza kuona umemkosea adabu. Njia salama ni kuacha kiwakilishi kabisa. Kitenzi kinatosha. Ukihitaji kumtaja, tumia *o senhor* au *a senhora*, kama mhudumu alivyomfanyia Juma.

3. Kumwita mhudumu. Inua mkono kidogo, useme *Faz favor!* au *Desculpe!* Usipige mluzi wala kualisha vidole.

4. Ukiwa na sharti, uliza kwanza, kisha omba kwa *podia*. Asiyekula nguruwe aulize mapema: *Isto leva carne de porco?* Hiki kina nyama ya nguruwe? Supu ya *caldo verde*, kwa mfano, jina lake lina maana ya "mchuzi wa kijani" tu, lakini kwa kawaida huja na vipande vya *chouriço*, soseji ya nguruwe. *Podia ser sem chouriço?* ni ombi la adabu, lakini halitoshi kila mara, kwa sababu huenda soseji imeshachemshwa ndani ya sufuria. Uliza hilo pia.

5. Mkate na zeituni vikija bila kuagizwa. Hivyo huitwa *couvert*, na huongezwa kwenye bili ukivila. Sheria ya Ureno inasema mteja hatozwi kitu ambacho hakukiomba na hakukigusa. Kuvikataa si ukorofi. Asha angesema hivi: *Desculpe, podia levar o couvert? Obrigada.*

6. Shukrani hufuata jinsia ya anayeshukuru. Asha atasema *obrigada*, Juma *obrigado*, hata kama mhudumu ni mwanamke. Bili nayo huombwa kwa maneno machache: *A conta, se faz favor.* Ureno mhudumu anaweza asiilete mpaka aombwe, kwa hiyo ukikaa kimya utasubiri sana.