Mwendo wa Video Ndefu: Mfano wa Kivuko cha Lualaba

Kijitabu hiki tumewaandikia vijana wa Kindu ambao, kwa simu ya mkononi na kompyuta ya kuazima, wameanza kutengeneza video zipitazo dakika 10, na ambao hawakukawia kuona kwamba mtazamaji aliyekaa kitako dakika ya kwanza, ifikapo ya tano huwa ameshainuka kwenda kunywa maji.

Wengi hudhani dawa yake ni haraka: picha zikatwe fupifupi, na muziki upigwe mfululizo toka mwanzo hadi mwisho. Dawa hiyo aghalabu huzidisha maradhi, kwani sikio likizoea mdundo wa namna moja haliusikii tena, na jicho lirushwalo huku na huku kwa kipimo kilekile huchoka sawa na lile lililoachwa mahali pamoja. Wapenzi wa rumba wanalijua jambo hili: sebene huwainua watu vitini kwa sababu limetanguliwa na beti za taratibu, lau wimbo wote ungekuwa sebene, nani angelingojea?

Natuchukue video ya dakika 12 juu ya mama avushaye mchele kwa mtumbwi kutoka Alunguli, ukingo wa mashariki, hadi soko la upande wa Kasuku. Mpigapicha mgeni wa kazi angeanza na picha ya mbali ya mto mzima, nayo ni picha adhimu ukutani. Lakini watazamaji wetu wengi hutazama kwa simu, na humo mtumbwi huonekana mdogo kama punje ya mchele wenyewe. Basi tuanze na picha ya karibu: mkono ukikumba maji ya mtumbwi kwa kidumu kilichokatwa, sekunde 3, kisha uso wa mama akihesabu magunia, sekunde 4, kisha kafi likisukuma ukingo. Ndipo tufungue picha ya mbali, tuiache sekunde 8 au 10, maana jicho lina mengi ya kukusanya humo, ilhali picha ya karibu husomwa mara moja. Muziki wa gitaa usio na maneno unaweza kuingia hapa, usije ukagombana na sauti ya mama atakapoanza kusimulia.

Dakika ya nne au ya tano ndipo uzito huanza kuingia. Ugeni wa mahali umekwisha, na soko bado halijafikiwa. Tukiwa katikati ya mto, tuushushe muziki polepole kwa muda wa sekunde 5, ukome mwisho wa kifungu chake, si katikati, kisha tubaki na kimya cha sekunde 20 juu ya picha moja isiyokatwa ya mpiga kafi. Picha hiyo ndefu, ikifuata picha fupi nyingi, huwa pumziko. Ikifuata ndefu wenzake, huwa usingizi.

Lakini kimya si utupu. Ukizima sauti zote kabisa, mtazamaji atadhani simu yake imeharibika, ataanza kubonyezabonyeza, na hapo umempoteza. Kwa hiyo, siku ya kupiga picha, waombe watu wote wanyamaze, urekodi walau dakika 1 ya sauti ya mahali tu: maji yakipiga ubavu wa mtumbwi, ndege, injini ya mbali. Hiyo ndiyo utakayoitandaza chini ya kimya chako. Baada yake mama aseme neno lake zito, mathalan hasara ya gunia lililolowa, nalo litasikika kwa kuwa sikio limefunguliwa.

Si muziki na kimya pekee viwezavyo kuvunja mwendo. Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, katika filamu yake "En route pour le milliard" ya mwaka 2020, aliwafuata majeruhi wa Vita vya Siku Sita vya mwaka 2000 wakishuka mto huuhuu hadi Kinshasa kudai fidia. Nayo safari hiyo ndefu ameikatiza kwa vipande vya jukwaani ambamo majeruhi wenyewe huigiza masaibu yao. Kwetu sisi, soko la Kasuku litatosha: picha fupi, kelele za bei, bila muziki hata kidogo, kwani soko lina muziki wake.

Ukimaliza kuhariri, waite watu watatu wasiokuwapo siku ya kupiga picha. Wewe usitazame kioo, watazame wao, na kila jicho linapotoka kwenye picha andika dakika na sekunde. Kosa aghalabu haliko pale jicho lilipotoka bali nyuma kidogo, kama nusu dakika hivi, mahali ambapo picha mbili zinasema jambo moja. Usiongeze muziki hapo. Toa moja ya hizo picha, hata kama ndiyo uliyoilowea nguo.