Saa Nane Usiku na Bado Unawaza

Wanachuo wenzangu, wiki ya testi ikikaribia, ukipita kwenye korido za hosteli saa nane za usiku utakuta taa nyingi zinawaka. Si wote wanaosoma. Wengine wamelala chali wanaangalia dari, kichwa kinazunguka: bumu halijaingia, asaimenti haijaisha, nyumbani wamepiga simu. Makala hii ni kwa ajili ya hao. Haitakuambia una ugonjwa gani, kwa sababu hiyo si kazi ya makala, na mara nyingi hauna ugonjwa wowote. Inahusu msongo wa kawaida unaokula usingizi, na namna ya kuupunguza.

Kwanza, msongo ni nini hasa? Sisi wa Elimu tunakutana na Lazarus na Folkman kwenye saikolojia. Mwaka 1984 walieleza kwamba msongo hautokani na tatizo peke yake, bali na jinsi mtu anavyolipima. Akili inajiuliza maswali mawili. La kwanza: je, jambo hili linanitishia? La pili: je, nina cha kulikabili? Jibu la kwanza likiwa "ndiyo" na la pili likiwa "hapana", mwili unajiandaa kama vile kuna hatari mlangoni. Moyo unaenda mbio, misuli inakaza, usingizi unakimbia.

Sasa angalia kwa nini usiku ni mbaya zaidi. Saa nane usiku ofisi ya mikopo imefungwa, mwalimu amelala, duka la fotokopi limefungwa, na rumeti anakoroma. Swali la pili kila mara litajibiwa "hapana", hata kama mchana lingekuwa na jibu. Kwa hiyo jambo lile lile lililokuwa na ukubwa wa kichuguu saa kumi jioni, usiku linakuwa mlima. Hujawa dhaifu. Umelipima tatizo katika saa ambayo huwezi kulifanyia chochote.

Dawa yake basi ni kuhamisha muda wa kuwaza. Washauri nasaha wanalitumia sana jambo hili: unatenga dakika 15 hadi 20 za kuhangaika, kila siku saa ile ile, mapema kabla ya giza, ukiwa na karatasi na kalamu. Usifanyie kitandani.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa mwaka wa pili. Bumu limechelewa wiki ya tatu. Ana testi mbili, Jumatano na Ijumaa. Hana chumba, anabebwa na rafiki yake. Mama amepiga simu kuhusu ada ya mdogo wake, na kwenye kundi la asaimenti wenzake wanamlaumu hajatuma sehemu yake. Jumatatu saa kumi na moja jioni anakaa chini ya mti na kuandika yote matano, kila moja kwa sentensi moja. Asiandike "maisha magumu", kwa sababu hiyo haina pa kushikwa. Aandike "bumu halijaingia na nina elfu sita".

Kisha anagawa karatasi pande mbili. Upande wa kwanza ni mambo yenye hatua anayoweza kuichukua kesho, na hatua hiyo anaiandika pamoja na saa yake. Kesho saa tatu asubuhi kwenda kwa afisa mikopo kuuliza kama jina lake limo kwenye orodha ya kusaini. Leo saa moja usiku kuwaandikia wenzake wa kundi: "Sehemu yangu naituma Alhamisi saa nne." Kwa testi ya Jumatano, kuchagua mada mbili alizoelewa nusu na kuzimalizia, badala ya kufungua noti zote kuanzia ukurasa wa kwanza. Upande wa pili ni mambo ambayo leo hana la kuyafanya. Ada ya mdogo wake iko hapo. Kwa mama anaweza kusema tu, "Mama, nimesikia, kwa sasa sina, bumu likitoka tutaongea." Tatizo halijaisha, ila limeandikwa na lina mahali pake.

Usiku wazo likirudi, na litarudi, jibu lake ni fupi: lipo kwenye karatasi, nitaliangalia kesho saa kumi na moja. Siku mbili tatu za mwanzo unaweza kuona halifanyi kazi. Akili inajifunza polepole.

Upande wa pili ni kitanda chenyewe. Ukikaa nacho macho kila usiku, mwili unazoea kwamba kitanda ni mahali pa kuwaza. Ukiona kama dakika 20 zimepita na usingizi hauji, inuka. Usiangalie saa, kadiria tu. Kaa kwenye kiti au koridoni penye mwanga hafifu, fanya kitu kisicho na msisimko, urudi macho yakianza kuwa mazito. Kama mnabebana na kitanda ndiyo meza yenu ya kusomea, someni mmeketi upande wa miguuni, upande wa mto mbaki nao kwa kulala. Na asubuhi amka saa ile ile, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Ukilala mpaka saa tano mchana, usiku unaofuata umeuharibu tayari.

Kuhusu kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu: kafeini huchukua takriban saa tano kupungua nusu. Kikombe cha saa mbili usiku, saa saba usiku nusu yake bado imo mwilini. Wengi tunadhani ni mawazo tu, kumbe na kikombe kimechangia.

Lakini njia hizi zina mipaka, na lazima tuseme ukweli. Karatasi haimlishi mwenye njaa. Kama umekosa chakula au pa kulala, hilo ni suala la kupeleka ofisi ya mshauri wa wanafunzi na kwa viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi, siyo la kupumua kwa utulivu.

Pia kuna dalili zinazosema usiendelee peke yako. Hali imeendelea siku nyingi kwa wiki mbili au zaidi. Umeacha kuingia darasani, kuoga au kula. Unahitaji pombe au vidonge ili ulale. Moyo unakwenda mbio bila sababu: hapo pitia na zahanati upimwe. Na likikujia wazo la kujidhuru au kwamba bora usiwepo, usisubiri wiki mbili wala asubuhi. Mwamshe rumeti, mwite mlezi wa hosteli, nenda hospitali usiku huo huo.

Wengi wanaogopa kwenda kwa mshauri nasaha wakidhani wataandikwa "kichaa". Kikao cha kwanza ni mazungumzo tu. Atakuuliza kinachokusumbua, kimeanza lini, unalala na kula vipi, nani yuko karibu nawe. Unayosema yanabaki siri, isipokuwa pale maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini. Hatoi dawa, akiona unahitaji daktari atakuelekeza. Ukishindwa kuanza kueleza, nenda na ile karatasi yako umpe asome.

Na wewe unayelala vizuri, ukiona mwenzako anageuka geuka kitandani kila usiku, usimwambie "acha kuwaza". Muulize mchana, mkiwa wawili: "Naona hulali siku hizi, kuna nini?" Halafu nyamaza usikilize. Akikubali, msindikize mpaka mlango wa ofisi.