Jedwali la Kufuatilia Alama za Mwaka

Katika somo hili utatengeneza lahajedwali linaloonyesha, kwa kila somo, wastani wako wa sasa na alama ya chini na ya juu kabisa unazoweza kumaliza nazo mwaka.

Hatua ya 1. Safu A andika masomo kuanzia mstari wa 3. Safu B hadi E ni Machi, Juni, Septemba na Novemba. Mstari wa 2 andika uzito wa kila mtihani. Tuchukue 10, 30, 10 na 50. Weka uzito wa shule yako, jumla iwe 100. Alama zote ziwe juu ya 100: ukipata 26 kati ya 50, andika 52.

Hatua ya 2. Katika mstari wa 3 andika fomula hizi, kisha zinakili kwenda chini. Alama ya $ huzuia mstari wa uzito usihame.

```
F3: =SUMIF(B3:E3,"<>",B$2:E$2)
G3: =SUMPRODUCT(B$2:E$2,B3:E3)/100
H3: =G3+100-F3
I3: =G3/F3*100
```

F ni uzito uliokwisha kupimwa, G ni alama ya chini kabisa (ukipata sifuri katika mitihani iliyobaki), H ni ya juu kabisa (ukipata 100 katika yote), na I ni wastani wa sasa.

Mfano. Hisabati: Machi 40, Juni 50. G ni 4 + 15 = 19. Uzito uliobaki ni 60, hivyo H ni 79. Wastani ni 19 ÷ 40 × 100 = 47.5. Kwa kuwa daraja A huanzia 75, A bado inawezekana.

Septemba unapata 52. Wastani unapanda hadi 48.4 nawe unafurahi. Lakini tazama H: imeshuka hadi 74.2. A imekwisha kufungwa, na wastani peke yake usingekuambia. Ili upate B, yaani 65, Novemba unahitaji (65 − 24.2) ÷ 50 × 100 = 81.6.

Kiswahili una 70, 76 na 78. G ni 37.6, ili upate A unahitaji 74.8 Novemba, chini ya alama uliyopata Septemba. Sasa unajua daraja lipi liko karibu na lipi linadai kazi kubwa zaidi.

Tahadhari. Mtihani ambao haujafanyika, acha seli yake tupu. Ukiandika 0 au kistari, jedwali litauhesabu kuwa umefanyika. Katika mfano wetu, 0 ya Septemba ingeshusha wastani kutoka 47.5 hadi 38. Utaligundua kosa kwa kutazama F: baada ya Juni lazima isome 40. Ikisoma 50, kuna seli isiyo tupu.

Zoezi. Biolojia: Machi 72, Juni 66. Tafuta F, G, H na I.

*Majibu:* 40; 27; 87; 67.5.