Mlango wa Kabati Usiokaa: Sumaku, Rola au Kishikizo cha Kusukuma?

Mlango wa kabati la maabara ukiachwa, hufunguka polepole wenyewe. Kwa kawaida mtu hukimbilia dukani kununua sumaku kubwa zaidi. Kabla ya kufanya hivyo yafaa kupima nguvu inayoufungua, kwani kishikizo hakina kazi nyingine ila kuishinda nguvu hiyo.

Tuchukue kabati la milango miwili, lenye urefu wa sentimita 180. Mlango mbovu una upana wa sentimita 40 na uzito wa nyutoni 30. Tukining'iniza timazi kutoka juu, twaona kwamba kabati limeinamia mbele kwa sentimita 6, yaani sehemu moja katika 30. Basi sehemu ya uzito inayousukuma mlango nje ni nyutoni 1, nayo hutenda katikati ya mlango, sentimita 20 kutoka kwenye bawaba. Kwa kanuni ya momenti, kishikizo kilichopo ukingoni, sentimita 40 kutoka kwenye bawaba, chahitaji nyutoni 0.5 tu. Hata sumaku dhaifu yaweza kazi hiyo.

Sasa tupime. Fungua mlango wa pili, funga uzi upande wa ndani wa ukingo wa mlango mbovu, kisha uvute kuelekea ndani kwa mizani ya springi mpaka mlango ufunge. Tuseme mizani yaonyesha nyutoni 4. Momenti yote ni 160, kwa kipimo cha nyutoni-sentimita, na mwinamo wa kabati waeleza 20 peke yake. Zile 140 zatoka wapi?

Dalili iko katika mwendo wa mlango. Mlango unaofunguliwa na mwinamo huendelea kwenda hata ukawa wazi kabisa. Mlango unaoruka kidogo tu kisha ukasimama umebanwa mahali fulani. Mara nyingi vichwa vya skrubu za bawaba vimechomoza, na mabati mawili ya bawaba hayawezi kulala pamoja. Ikiwa vichwa hivyo viko sentimita 1 kutoka kwenye pini, vinasukumana kwa nyutoni 140! Fundi akiweka sumaku kali hapo, mlango utafunga, lakini skrubu zitavutwa siku zote hadi zilegee katika plaiwudi. Dawa ni kuweka skrubu zenye vichwa vidogo zaidi, au kuchimba nafasi ya vichwa hivyo ndani ya bati, kisha kupima tena.

Bawaba ikiisha kutengenezwa, ndipo tuchague kishikizo. Sumaku hushika vema pale tu inapogusana na kibati chake cha chuma. Pengo dogo hupunguza nguvu yake kwa haraka mno. Wanafunzi waweza kujionea haya kwa karatasi. Karatasi 500 za rimu zina unene wa sentimita 5 hivi, kwa hiyo kila moja ni milimita 0.1. Weka karatasi moja kati ya sumaku na kibati, vuta mlango kwa mizani hadi uachie, andika kipimo. Ongeza ya pili, ya tatu, na kuendelea, kisha chora grafu. Ili kujua pengo lililopo kabatini, bandika kipande cha sabuni laini juu ya kibati, funga mlango kwa mkono, na upime unene wa sabuni iliyobaki. Kibati kisikazwe mno: kikicheza kidogo, hujilaza chenyewe juu ya sumaku.

Rola huvumilia pengo zaidi. Ulimi uliofungwa mlangoni huingia kati ya rola mbili zinazosukumwa na springi, nazo huubana nyuma ya kichwa chake. Kwa mlango wa ubao uliopinda kidogo, ningechagua rola. Lakini haivumilii mlango ulioshuka: ulimi ukigonga chini ya nafasi yake, springi huchoka na rola za plastiki huvunjika.

Kishikizo cha kusukuma hufanya kazi kama kalamu ya kubofya: msukumo mmoja hufunga, wa pili hufungua. Kinahitaji nafasi ya milimita 2 au 3 ili mlango uweze kuingia ndani kupita pale unapokaa ukiwa umefungwa. Mlango unaogusa fremu hauna nafasi hiyo, na kishikizo hakitanasa kamwe. Tena springi yake yenyewe husukuma mlango nje, na mwanafunzi akiuegemea kwa bega, hufunguka. Kwa kabati la chupa za asidi nisingekiweka hata kidogo.

Katika kabati letu, baada ya skrubu kubadilishwa, mizani ilishuka hadi nyutoni 0.5, na sabuni ikaonyesha pengo la milimita 2. Kibati kiliinuliwa kwa kipande cha plaiwudi nyembamba, na ile sumaku ya zamani ikashika.