Dada, kahawa yangu ndiyo imepandisha kolesteroli?

Msomaji mmoja wa Moshi ameniandikia hivi: "Shikamoo dada. Nina miaka 38, sinywi pombe, na chipsi nilishaacha. Mwaka jana kolesteroli yangu ilikuwa 5.5, mwaka huu 6.1. Daktari ameniambia nipunguze mafuta, nami nashangaa, mafuta gani? Kitu kipya pekee ni frenchi presi aliyoniletea kaka. Sasa nakunywa kahawa ya shambani kwetu, magi tano kwa siku, bila maziwa wala sukari. Kahawa si haina mafuta?"

Marahaba mdogo wangu. Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, na jibu ni kwamba kaka yako ana sehemu ya lawama, ingawa si yote.

Tuanze na hapo ulipojikwaa. Ni kweli kahawa haina kolesteroli, kwa sababu ni mmea. Lakini mafuta inayo. Ukiisaga na kuimwagia maji ya moto, mafuta yale yanatoka pamoja na rangi na harufu. Acha kikombe cha frenchi presi kitulie, kisha kitazame kwenye mwanga, utaona utando mwembamba unang'aa juu. Ndani ya mafuta hayo mna kitu kiitwacho kafestoli, pamoja na mwenzake kaweoli. Mwenye makosa zaidi ni kafestoli. Kafeini haihusiki kabisa, kwa hiyo hata ukinunua kahawa iliyotolewa kafeini ukaichemsha vilevile, kafestoli yake utaimeza. Nalisema hili mapema kwa sababu najua wapo watakaokimbilia huko.

Habari hizi zilianzia mbali, Norwe ya kaskazini, katika mji wa Tromso. Mwaka 1983 watafiti wa huko walitangaza kwamba watu wanaokunywa kahawa nyingi wana kolesteroli ya juu kuliko wasiokunywa. Nchi nyingine walipopima, wengine waliliona jambo hilo na wengine hawakuliona, ikawa ubishi. Kumbe tofauti ilikuwa jikoni. Kule kaskazini watu walikuwa wakitia kahawa iliyosagwa ndani ya birika, wanaichemsha, wanaiacha machicha yatue, kisha wanamimina. Kwingineko watu walishazoea kuichuja kwa karatasi. Waholanzi wakalifuatilia jambo lenyewe kwa majaribio. Mwaka 1991 walichukua kahawa ileile ya kuchemsha, kundi moja wakalipa ilivyo, kundi jingine wakalipa baada ya kuipitisha kwenye karatasi. Kolesteroli ilipanda kwa waliokunywa isiyochujwa. Kwa wale wa karatasi haikupanda. Mimi jaribio hili nalipenda kuliko mengine yote, kwa sababu kahawa ilikuwa moja, na kilichobadilika ni karatasi tu.

Frenchi presi nayo ilipimwa hukohuko Uholanzi, matokeo yakatoka mwaka 1996. Watu 46 walishiriki kwa wiki 24, na waliopewa ya frenchi presi walikunywa karibu lita moja kwa siku. LDL yao, ile tunayoiita kolesteroli mbaya, ilipanda. Kimeng'enya cha ini kinachoandikwa ALT kwenye karatasi ya maabara nacho kilipanda. Walipoacha, vyote vikarudi chini. Hilo la kurudi chini likumbuke, maana ndilo litakalokusaidia.

Sasa kafestoli inafanyaje kazi, wakati yenyewe si kolesteroli? Ini lako kila siku hutumia kolesteroli kama malighafi ya kutengenezea nyongo, ile inayosaidia kuyeyusha mafuta ya chakula. Hiyo ni moja ya njia kubwa mwili unazotumia kupunguza kolesteroli. Utumbo nao una kipokezi kinachopima nyongo iliyopo, na ikionekana inatosha, unapeleka habari kwa ini lipunguze kazi. Kafestoli inakishika kipokezi hicho na kukiwasha. Ni sawa na mwenye kiwanda anayepigiwa simu kwamba ghala limejaa wakati ghala halijajaa: anasimamisha mashine, na malighafi inarundikana uani. Ini linapunguza kutengeneza nyongo, kolesteroli inabaki bila matumizi, na ini halina tena haja ya kuivuta LDL kutoka kwenye damu. Ndiyo maana namba inapanda hata kwa mtu asiyegusa nyama ya mafuta. Watafiti wa Chuo cha Tiba cha Beila, Hyuston, ndio walioionyesha njia hii mwaka 2007, kwa panya.

Turudi kwenye magi zako tano. Kikombe cha frenchi presi au cha kuchemsha hukadiriwa kuwa na kafestoli miligramu 3 hadi 4. Cha karatasi hakifiki hata miligramu 1, kinabaki na chembe tu. Tuseme chako kina 3.5, mara tano ni miligramu 17 na nusu kwa siku. Makadirio ya Waholanzi ni kwamba kila miligramu 10 kwa siku hupandisha kolesteroli kwa takriban 0.13. Kwa hiyo kahawa yako inaweza kuwa imekuongezea kama 0.23. Wewe umepanda 0.6. Basi kahawa inaweza kubeba zaidi kidogo ya theluthi moja, na iliyobaki ina sababu nyingine: uzito, chakula, tezi ya shingoni iliyolegea, urithi wa familia, au tofauti za kawaida kati ya kipimo na kipimo. Ndiyo maana nimekwambia kaka ana sehemu tu. Na hesabu hii ni ya wastani. Magi yako ikiwa kubwa, au ukiweka kahawa nyingi, inapanda zaidi.

Kuna jambo moja la kwenu Kilimanjaro. Mnachokunywa ni arabika, nayo ina kafestoli nyingi kuliko robusta ya Kagera. Lakini watu wa Bukoba msishangilie. Robusta nayo inayo, na ukiichemsha bila kuichuja unainywa tu. Mnaokoroga kahawa ya unga inayoyeyuka, kama Afrikafe, ninyi mko salama kwa hili. Kiwandani mafuta mengi hubaki nyuma, kikombe chake kina kafestoli kidogo sana.

Na kahawa chungu ya pwani je? Najua mtaniuliza, na wazee wa barazani watanitafuta. Ndiyo, ya kwenye dele huchemshwa na haichujwi kwa karatasi, hivyo kafestoli imo. Ila kifinjani ni kidogo, vitatu au vinne havijazi magi moja ya huyu mdogo wangu. Mtu anayekunywa viwili vitatu jioni na kashata, mimi ningemuuliza kwanza habari za kashata. Mzee anayekaa hapo tangu alasiri hadi isha, kikombe baada ya kikombe, huyo ahesabu. Na asimalizie tope la chini, kwa sababu mafuta hung'ang'ania kwenye zile chembe laini. Espreso nayo iko katikati: kwa ujazo ina kafestoli nyingi, ila kikombe ni kidogo.

Hapa ndipo wengi hukosea wakitaka kujirekebisha. Wanachukua chujio la chai na kupitishia kahawa, wakiona machicha yamebaki wanafurahi. Matundu ya chujio la chai ni makubwa mno, mafuta na tope laini vinapita vyote. Wavu wa chuma wa frenchi presi yenyewe ni hivyohivyo, huzuia machicha manene tu. Karatasi inafanya kazi kwa sababu nyuzi zake zimebanana, zinakamata chembe laini pamoja na mafuta yaliyoshikana nazo. Mashine za maofisini pia msiziamini kwa upesi: watafiti wa Upsala, Uswidi, walizipima mwaka 2025 wakakuta nyingi zinatoa kafestoli zaidi ya kahawa ya karatasi, maana ndani zina wavu wa chuma. Kitambaa safi cha pamba kilichofumwa vizuri kinasaidia sana, ila mimi nakiweka nafasi ya pili. Ufumaji hutofautiana, na kisipofuliwa vizuri kinachacha.

Frenchi presi usiitupe, mdogo wangu. Tengeneza kahawa yako kama kawaida, kisha badala ya kumimina moja kwa moja kwenye magi, weka koni ya kuchujia juu ya magi, tandika karatasi ndani, ilowanishe kwa maji ya moto na uyamwage ili isilete ladha ya karatasi, halafu mimina kahawa polepole. Au ruka frenchi presi kabisa: vijiko vitatu vya chakula vya kahawa iliyosagwa wastani ndani ya karatasi, mimina robo lita ya maji yaliyotoka kuchemka, kidogo kidogo. Maji yakigoma kushuka, umesaga laini mno. Karatasi ni ya mara moja, usiisuuze ukairudia. Na tafadhali, tishu za chooni na magazeti si karatasi za kuchujia. Utajuaje imefanikiwa? Kikombe kitakuwa chepesi, hakina utando unaong'aa juu, hakina tope chini. Utamu wa mdomoni unapungua kidogo, sitakudanganya. Uzito ule wa frenchi presi unaoupenda ni hayohayo mafuta.

Kama unaona karatasi ni usumbufu, punguza: magi moja ya frenchi presi asubuhi, nyingine za karatasi au za kukoroga. Kwa hesabu ileile, moja haikupandishi hata 0.05.

Wanaotumia statini wasiache dawa kwa sababu ya makala haya. Na kama kwenu kuna mtu aliyepata ugonjwa wa moyo akiwa kijana, au namba yako ni ya juu sana, kahawa isikupe kisingizio cha kuchelewa kumwona daktari.

Wewe wa Moshi, nakuomba ufanye hivi: kunywa ya karatasi tu kwa miezi miwili au mitatu, usibadilishe kingine chochote kwa makusudi, kisha rudi maabara ileile upime tena kolesteroli, LDL na ALT. Ikishuka kwa kiasi kama kile tulichohesabu, umejua mchango wa kahawa. Isiposhuka, mwambie daktari akuangalie tezi na mengine. Na safari hii mwambie unakunywa kahawa kiasi gani na unaitengenezaje, maana inaelekea hakukuuliza.